Hajati na Namba 50.2

Mafundi wa printa wa Kampala hupokea ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza ni mfupi: "Fundi, printa imekufa, njoo haraka." Fundi akiupata huo, hupanda boda boda na mkoba wa bisibisi bila kujua anakwenda kutibu nini. Akifika anakuta kinachotakiwa ni kipuri alichokiacha dukani. Anarudi kukichukua, nauli inakuwa mara mbili, na jua linazama kazi ikiwa bado. Ujumbe wa aina ya pili ni adimu. Fundi huusoma akiwa amekaa, huusoma tena, kisha huuliza swali moja au mawili, na anapoondoka tayari amebeba kifaa kinachohitajika.

Ujumbe wa aina hiyo ya pili una ufundi wake, na nataka tuusome mmoja polepole. Aliyeuandika ni mama wa Kisomali mwenye duka la fotokopi na uchapaji pale Kisenyi, bondeni kati ya soko la Owino na kilima cha Mengo. Majirani na wateja humwita Hajati. Hakusomea umeme wala kompyuta. Alianza na mashine moja ya fotokopi, na siku hizi ana kompyuta, printa ya leza na printa ya wino. Wateja wake ni watu wa Kisenyi: dereva wa basi anayetaka nakala ya leseni, mkimbizi kutoka Kongo mwenye bahasha ya vyeti, mwalimu wa shule ya jirani mwenye mitihani ya kuchapa. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote, na ndicho anachomwandikia fundi wake, ambaye karakana yake iko upande wa Nasser Road, kwenye mtaa wa wachapaji wa Kampala.

Anayeijua Kisenyi anajua pia kwamba ni mtaa wa vinu. Mahindi huingia kwa magunia na kutoka yakiwa unga wa posho, na ngurumo za mashine husikika mchana kutwa. Tuliweke hilo akilini.

Huu ndio ujumbe aliouandika, kama ulivyo.

"Asalaam aleikum fundi. Ni Hajati wa fotokopi, Kisenyi.

Printa ni HP LaserJet Pro 400 M401dn. Kibandiko cha nyuma kinasema 220–240 V. Katriji ni 80A ya kujazwa, niliiweka mwezi uliopita. Printa imeunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB.

Shida: nikiiwasha, au ikilala kidogo halafu nikaitumia kazi, inanguruma kama inayojiandaa, kisha inasimama na kuandika hivi:

```
50.2 Fuser Error
Turn off then on
```

Picha ya kioo nimekutumia. Namba ni hiyo hiyo kila mara, sijaona nyingine.

Ilianza Jumatatu ya wiki iliyopita. Inatokea siku za kazi, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Usiku baada ya saa mbili haijatokea. Jumapili nilichapa siku nzima, haikutokea hata mara moja.

Ikikubali kuwaka, inachapa safi. Nikisugua maandishi kwa kidole hayafutiki. Hakuna karatasi inayokwama, hakuna harufu ya kuungua.

Nilichojaribu:
1. Nimezima, nikasubiri nusu dakika, nikawasha. Ikaandika 50.2 tena.
2. Nimezima nusu saa, nikawasha. Ikakubali, ikachapa karatasi kumi na mbili. Ilipolala na kuamka, 50.2 tena.
3. Nimeitoa kwenye UPS, nikaichomeka kwenye ekstensheni. Hakuna tofauti.
4. Nimefungua mlango wa nyuma kutazama kama kuna karatasi iliyobaki. Hakuna. Ndani sikugusa, kuna moto.

Ambalo sijajaribu: soketi ya ukutani. Iko nyuma ya kabati, siwezi kulisogeza peke yangu.

Printa ya wino na kompyuta ziko kwenye ekstensheni hiyo hiyo, hazina shida.

Kitu kipya: jirani amefunga kinu kingine wiki iliyopita. Kikianza, taa zetu zinafifia.

Nina mitihani ya shule, lazima itoke kabla ya Alhamisi. Nafunga saa tatu usiku."

Ujumbe umeishia hapo. Hamna neno "imekufa", hamna lawama, na kinachonivutia zaidi, hamna hukumu. Hajati hakuandika "fyuza imeharibika", ingawa kioo chenyewe kilimwandikia jina la fyuza waziwazi. Alinakili maneno ya mashine akayaacha yabaki kuwa maneno ya mashine.

Kuelewa kwa nini uangalifu huo una thamani, inabidi tuingie kidogo ndani ya printa. Printa ya leza huchora kurasa kwa mwanga juu ya dramu, tona ambayo ni wino wa unga hunasa pale palipochorwa, kisha unga huo huhamia kwenye karatasi. Mpaka hapo maandishi hayajashika. Ukiitoa karatasi wakati huo na kuipuliza, yanapeperuka. Kituo cha mwisho ndicho fyuza: rola yenye moto unaokaribia nyuzi 200 na rola nyingine inayoikandamiza. Karatasi hupita katikati, unga huyeyuka na kujishika. Ndiyo maana karatasi hutoka ikiwa na joto, na ndiyo maana Hajati alifanya vema kutogusa ndani.

Fyuza ina kipimajoto chake. Printa inapowashwa, au inapoamka usingizini, hupeleka umeme kwenye fyuza na kuipa muda mfupi wa kufika joto linalotakiwa. Muda ukiisha joto halijafika, mashine hujizuia na kuandika 50.2. Joto likishuka mno ni 50.1, na likizidi kipimo ni 50.3. Kwa hiyo tarakimu ile baada ya nukta inabeba habari nzima. Mtu akiandika "imeandika 50 na kitu", amemwachia fundi njia tatu au nne za kufuata, na moja kati ya hizo ni ya kifaa kinachopata moto kupita kiasi, yaani kinyume kabisa cha tatizo la Hajati. Picha ya kioo aliyoituma iliondoa shaka hiyo, na kauli yake kwamba namba haikubadilika iliondoa nyingine.

Hata hivyo, namba hiyo haisemi fyuza imekufa. Inasema fyuza imechelewa kupata moto. Sababu za kuchelewa ni kadhaa: kipasha moto kimechoka, kipimajoto kinasoma uongo, plagi ya ndani imelegea, sakiti ya umeme ndani ya mashine ina kasoro, au umeme unaoingia kutoka ukutani ni dhaifu. Fundi mwenye haraka hufuata jina lililo kwenye kioo na kuuza fyuza mpya. Hiyo ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko nyingi ndani ya printa ya ukubwa huu, na ikifungwa huku kosa liko kwingine, namba 50.2 hurudi siku hiyo hiyo, mteja akiwa ameshalipa.

Kilichomwokoa Hajati ni mistari ile ya saa. Watu wengi wanaoeleza hitilafu husema "mara kwa mara" au "wakati mwingine", na maneno hayo hayamsaidii fundi. Hajati aliutazama "wakati mwingine" mpaka akajua ni wakati gani. Saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, siku za kazi. Si usiku, si Jumapili. Kipuri kilichochoka hakijui Jumapili. Kipasha moto kilichokufa kinakufa usiku na mchana. Hitilafu inayofuata saa za kazi za mtaa inatoka mtaani, haitoki ndani ya mashine, au angalau mtaa una mkono wake. Alipoandika mwishoni kwamba taa hufifia kinu cha jirani kinapoanza, alikuwa ameshampa fundi nusu ya jibu bila kudai kwamba analo.

Tutazame na hesabu yenyewe, maana ni fupi. Kipasha moto cha fyuza ni kitu cha kupinga umeme na kutoa joto, na joto lake hutegemea volti kwa namna ambayo wengi hawaitarajii: volti zikipungua kidogo, joto hupungua sana. Nchini Uganda umeme wa kawaida wa nyumbani ni volti 240. Ukishuka hadi volti 190, umepungua kwa karibu asilimia 21 tu. Lakini joto hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Gawanya 190 kwa 240, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata karibu 0.63. Fyuza inapata asilimia 63 tu ya nguvu iliyoizoea. Taa inafifia kidogo, feni inapunguza mwendo kidogo, lakini fyuza inakosa zaidi ya theluthi moja ya moto wake huku saa ya ndani ikiendelea kuhesabu.

Na kinu nacho hufanya nini? Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaouhitaji ikishashika mwendo. Volti za laini nzima huanguka kwa sekunde chache. Baadaye, kinu kikiwa kimejaa mahindi, volti hupanda tena lakini hazirudi zilipokuwa. Vinu viwili vitatu vikifanya kazi kwenye laini moja, mtaa mzima hukaa chini ya kiwango mchana kutwa, na hupata nafuu jioni vinapozimwa.

Sasa tuje kwenye orodha ya alivyojaribu. Hapa ndipo Hajati anapojitenga na waandishi wengine wa ujumbe wa aina hii. Wengi huandika "nimejaribu kila kitu". Yeye ameandika vitu vinne, kila kimoja na matokeo yake, na kila mara amebadilisha jambo moja tu. Fikiria angeitoa printa kwenye UPS na papo hapo akabadilisha katriji, halafu ikakubali. Asingejua kilichosaidia ni kipi, na fundi naye asingejua.

Matokeo yenyewe yanazungumza hata pale yanaposema "hakuna tofauti". Jaribio la tatu lilikuwa la busara, kwa sababu UPS ndogo za kompyuta hazimudu printa ya leza, na watengenezaji wenyewe huwaambia wateja wachomeke printa ya aina hii moja kwa moja ukutani. Fyuza huvuta umeme mwingi kwa ghafla, UPS ndogo ikalemewa. Hajati aliiondoa, hitilafu ikabaki. Basi kuichomeka printa kwenye UPS kulikuwa kosa, ila UPS haikuwa chanzo pekee. Jaribio la pili nalo, lile la nusu saa, lilimwonyesha fundi kwamba fyuza bado inaweza kupata moto na kuchapa karatasi kumi na mbili bila kigugumizi. Kipasha moto kilichokatika hakiwezi kufanya hivyo hata kwa karatasi moja.

Mstari wa kidole ni wa kuangaliwa pia. Maandishi yanayofutika kwa kidole ni dalili ya fyuza inayochapa bila moto wa kutosha. Hajati alisugua, hayakufutika, akaandika hivyo. Watu husahau kuandika yasiyotokea, kwa kuwa wanaona hayana habari. Kwa fundi, "hakuna harufu ya kuungua" na "hakuna karatasi inayokwama" ni milango miwili iliyofungwa ambayo hahitaji tena kuibisha.

Kuna mahali pamoja ambapo ujumbe ule ungeweza kumpoteza msomaji asiye na uzoefu, nao ni mstari wa printa ya wino na kompyuta. Vyote viko kwenye ekstensheni moja na vinafanya kazi vizuri. Mtu wa kawaida angesema: basi umeme ni mzima, tatizo ni printa. Fundi hakunaswa. Printa ya wino haina fyuza, hutumia wati chache tu, haihisi upungufu. Kompyuta nyingi za leo zina kifaa cha umeme kinachokubali kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo 190 kwake ni siku ya kawaida. Lakini ona kwamba Hajati hakusema "umeme ni mzima". Alisema vitu hivyo viwili havina shida, akaishia hapo. Tafsiri hakuigusa, na kwa kutoigusa hakumsukuma fundi upande usiofaa.

Fundi alimjibu kwa maswali mawili. "Hajati, ekstensheni hiyo ni ndefu kiasi gani, na ni moja au zimeungwa? Taa zikififia, zinarudi baada ya muda gani?" Naye akajibu: zimeungwa mbili, zinazunguka chumba kutoka nyuma ya kabati, taa zinafifia sana kwa muda mfupi, kisha zinarudi, lakini mchana hazing'ai kama usiku. Fundi akasema atafika saa tano, wakati vinu vimepamba moto. Saa hiyo aliichagua kwa makusudi. Angekwenda saa mbili usiku, angekuta printa inachapa kama mpya na kurudi mikono mitupu.

Alikuja na mita ya kupimia umeme, waya mnene na plagi. Fyuza hakuibeba. Alisogeza kabati akisaidiwa na kijana wa duka la jirani, akapima soketi ya ukutani vinu vikiwa vinanguruma: volti 201. Akapima mwisho wa ekstensheni ya pili wakati printa inajaribu kupata moto: 189. Kibandiko cha nyuma ambacho Hajati alikinakili kilisema 220 hadi 240, na vifaa vya namna hiyo kwa kawaida huvumilia asilimia 10 chini, yaani mpaka 198. Ukutani printa ingepita kwa tabu. Mwisho wa ekstensheni haingepita.

Volti 12 zilikuwa zinapotea njiani. Sehemu ilipotea kwenye waya mwembamba, na sehemu kwenye plagi ya ekstensheni ya kwanza, ambayo pini zake zilikuwa zimelegea na plastiki yake imegeuka hudhurungi kwa joto. Hilo Hajati hakuliandika, na hakuweza kuliandika, kwa kuwa lilikuwa nyuma ya kabati. Lakini aliandika kwamba sehemu hiyo hajaijaribu na kwa nini. Kwa sentensi hiyo moja fundi alijua mahali pa kuanzia. Ujumbe mzuri hauoni kila kitu. Unaonyesha wapi jicho halikufika.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Plagi iliyoungua ilitupwa, printa ikavutiwa waya wake mnene hadi soketi ya ukutani, kompyuta na printa ya wino zikabaki kwenye ekstensheni moja iliyo nzima. Fundi akaizima na kuiwasha printa mara kadhaa vinu vikiwa kazini, 50.2 haikutokea. Akamweleza Hajati ukweli kwamba volti 201 ziko juu kidogo tu ya mpaka, na kinu kingine kikiongezwa huenda hitilafu ikarudi. Dawa ya kudumu ni stabilaiza ya printa peke yake, isiyo chini ya kVA 2, kwa sababu ndogo zaidi italemewa fyuza inapovuta. Stabilaiza nayo ina kikomo: volti zikianguka chini ya kiwango kilichoandikwa juu yake, haiwezi kuziinua zote. Mitihani ilitoka siku hiyo.

Hitilafu nyingine hazina namba wala kioo, na uandishi wake unabadilika. Printa ndogo nyingi zina taa tu. Hapo cha kuandika ni taa ipi, rangi gani, inawaka tu au inapepesa, na kama mbili zinapepesa pamoja au kwa zamu. Video fupi ya simu inayaonyesha hayo yote. "Taa nyekundu inawaka" peke yake haitoshi, maana kwenye mashine nyingi taa ileile ina maana moja ikitulia na maana nyingine ikipepesa.

Doa linalojirudia kwenye karatasi ni mfano mwingine ninaoupenda, kwa sababu chombo chake ni rula ya mtoto wa shule. Ndani ya printa ya leza kila kitu ni cha mviringo. Rola yenye mkwaruzo huacha alama kila inapomaliza mzunguko, kwa hiyo umbali kati ya doa na doa ni mzingo wa rola yenyewe. Dramu yenye kipenyo cha milimita 24 huacha doa kila baada ya milimita 75 hivi. Yenye milimita 30, kila baada ya 94. Rola nyembamba huacha madoa ya karibu zaidi. Mteja akimwandikia fundi "doa jeusi upande wa kushoto, linarudi kila milimita 75, kwenye kila karatasi", amemtajia kipuri bila kujua jina lake. Na kama dramu iko ndani ya katriji, kama ilivyo kwa mashine ya Hajati, fundi atamwambia abadilishe katriji kwanza, pengine bila kutoka karakana. Akiandika "inachafua karatasi", safari ni ya lazima.

Mistari ya kwanza kabisa ya ujumbe, ile ya jina kamili la mashine na volti za kibandiko, huonekana kama ya adabu tu. Si hivyo. Printa zilizotumika huingia Afrika Mashariki kutoka nchi mbalimbali, na za Marekani hutengenezwa kwa volti 110 hadi 127. Fyuza ya volti 110 na ya 220 za modeli ileile zinaweza kufanana kwa umbo, lakini hazibadilishani. Herufi za mwisho za modeli nazo zina kazi: kwenye familia ya M401, herufi "n" ni ya mtandao na "d" ni ya kuchapa pande mbili, na mashine yenye kuchapa pande mbili ina njia ya ziada ambamo karatasi inaweza kukwama. Neno "kujazwa" mbele ya katriji lilikuwa ungamo dogo ambalo wateja wengi hulificha, wakidhani fundi atawagombeza. Kumbe fundi hulihitaji, kwa kuwa tona duni huweza kuyeyuka vibaya na kuacha maandishi yanayofutika. Hajati alilisema, na kidole chake kikathibitisha kwamba safari hii tona haikuwa na kosa.

Nimewahi kusikia mafundi wakilalamika kwamba wateja wengine huandika mno. Malalamiko hayo yana haki yake, lakini urefu si kosa lenyewe. Kosa ni kuchanganya kilichoonekana na kilichodhaniwa. "Nadhani ni virusi", "nadhani ni katriji feki", "mtoto wa dada yangu anasema ni fyuza": sentensi kama hizo zikitangulia, fundi hulazimika kuzichambua kabla ya kufika kwenye dalili. Hajati alikuwa na dhana yake kuhusu kinu, hilo liko wazi. Aliiweka mwisho, kama tukio, na kuiita kitu kipya tu.

Basi nawe ukikutwa na hitilafu, kabla hujapiga simu chukua dakika chache uandike. Taja mashine kwa jina lake kamili na volti zake. Nakili namba ya kioo yote, pamoja na tarakimu iliyo baada ya nukta, au piga picha. Sema inatokea lini na lini haitokei. Orodhesha ulichojaribu, kimoja kimoja, na kila kimoja kilijibu nini. Kisha utaje ambacho hukuweza kujaribu. Kilichobadilika karibuni kiandike hata kama ni cha jirani. Jina la ugonjwa mwachie fundi, ndiyo kazi unayomlipa.